Naomba ushauri: kuficha bati au mgongo wa tembo? Kiwanja kipo Sahare, Tanga

MamaTwaha
Wakuu, habari za majukumu. Nina nyumba ya mita 12 kwa 10, imefika lenta. Fundi anataka kuficha bati: parapeti pande zote, paa lote lilalie nyuma kwa digrii 5, maji yaingie kwenye mfereji wa zege ndani ya parapeti na yatoke kwa bomba moja. Baba Twaha kaipenda, anasema ndiyo nyumba za kisasa. Mimi roho yangu inasita, maana masika ya huku mnayajua, na upepo wa bahari unatufikia sawasawa. Je, tuendelee? Na kama siyo, paa liinuke kiasi gani, na maji tuyapeleke wapi?

Kijana_wa_Raskazone
Dada, kuficha bati hakuna tatizo kabisa, tatizo ni mafundi. Mimi ninaishi humo, halivuji. Mwambie fundi apake lami nzito kwenye mfereji, aweke na silikoni kwenye maungio. Umemaliza.

MzeeKenchi
Kijana, lami ni sawa na usiiache. Ila jua la huku linaikausha, inapasuka, na kila baada ya muda mtu apande kuirudia. Ngoja nimjibu mama.

Bi MamaTwaha, ukichagua paa jiulize swali moja: siku gata likiziba, maji yatamwagikia wapi? Maana litaziba tu. Majani ya mwembe, kinyesi cha kunguru, mfuko wa rambo uliopeperushwa, chochote. Gata lililoning'inia nje ya ukuta likiziba, maji yanamwagika uani, unapanda ngazi unasafisha. Mfereji ulio ndani ya parapeti ukiziba, maji yanapanda mpaka yavuke mdomo wa bati na kushuka juu ya dari yako.

Sasa piga hesabu. Paa lako ni mita za mraba 120, na lote linamwaga upande mmoja. Mvua ikiwa kali kwelikweli, hata kwa dakika chache tu, inaweza kunyesha kwa kasi ya milimita 100 kwa saa. Hapo ni lita 12,000 kwa saa, yaani lita 200 kwa dakika. Fikiria ndoo kumi za lita 20 zinamiminwa kila dakika kwenye mfereji mmoja wenye bomba moja. Hilo bomba likizibwa nusu na jani la mkungu, huna muda hata wa kutafuta ngazi.

Lingine ni hiyo digrii 5. Upana wa mita 10 kwa mteremko mmoja, bati zisipokatwa za urefu mzima zitaungwa katikati. Kwenye mteremko mdogo maji hayana haraka ya kushuka, na upepo wa kusi unayasukuma yarudi juu kupitia kwenye muungo. Utaona dari ina madoa ya njano katikati ya chumba, fundi atakuambia msumari umelegea, kumbe ni muungo.

BintiPangani
Mzee kasema kweli. Kwetu alama ya kwanza ilikuwa rangi kututumka kwa ndani, chini kidogo ya parapeti, na wala bati halikuwa na kosa. Juu ya parapeti palikuwa pamesakafiwa bapa, maji yanakaa, yanaingia kwenye nyufa za plasta. Fundi wa pili akapainamisha kuelekea ndani na kupavika bati. Pakakauka.

Mwl_Duga
Samahani, mimi nina tenki la lita 5,000, je, maji ya bati la rangi yanafaa kupikia?

MzeeKenchi
Mwalimu, hilo fungulia uzi wake. Kwa kifupi, mvua za mwanzo wa msimu ziache zioshe paa kwanza, ndipo uelekeze bomba kwenye tenki.

Fundi_Mikanjuni
Mimi ningepiga mgongo wa tembo, digrii 45, maji yanateleza kama kwenye jani la mgomba. Na michirizi itoke mita nzima pande zote, ukuta usiguswe na mvua.

MzeeKenchi
Fundi, kuinua paa ni sawa, ila 45 kwa bati ni kupoteza mbao, na unaupa upepo wa bahari ukuta wa kupiga. Tena maji yakija kwa kasi hiyo yanaruka gata. Kwa nyumba hii, kila mita 1 ya kwenda mbele, panda sentimita 40. Kutoka ukutani hadi katikati ni mita 5, kwa hiyo kenchi inainuka mita 2, kama digrii 22 hivi. Mpeni fundi kipimo kwa mita, digrii wengi wanakisia kwa macho.

Michirizi weka sentimita 60. Kwa mteremko huo inashuka sentimita 24 kutoka usawa wa ukuta. Ukitoa mita nzima inashuka 40, inakaribia vichwa vya madirisha na vyumba vinakuwa giza. Tena huo urefu wa nje ndio upepo unaoukamata kwa chini na kuuinua. Pale barazani tu ndipo unaweza kuurefusha, na uwekewe nguzo.

MamaTwaha
Mzee, si gharama itapanda sana? Na vipi kuhusu gata?

MzeeKenchi
Kwenye bati siyo sana. Kwa digrii 15 kila bati lingekuwa mita 5.80, kwa huu mteremko ni kama 6.03. Mbao za kenchi ndizo zitakazoongezeka, hapo sikufichi. Ila unaokoa tofali na plasta ya parapeti.

Gata upande wako mrefu litakuwa na mita 13 na kitu. Usikubali limwage upande mmoja tu, litainama mpaka fisha bodi ionekane imepinda. Liwe juu katikati, lishuke milimita 5 kwa kila mita kwenda pembe zote mbili, na kila pembe ipate bomba la inchi 4. Mdomo wa bati uingie ndani ya gata sentimita 5 hivi. Kabla hujamlipa fundi, mimina ndoo ya maji katikati. Yakituama mahali, vishikio vya hapo vipandishwe.

Bati zianze kupigwa upande usiotoka upepo, ukirudi kule unakotoka, ili mdomo wa kila muungo uupe kusi mgongo.

Kijana_wa_Raskazone
Na maji ya bomba ayaunge kwenye shimo la choo tu, lipo tayari.

MzeeKenchi
Hapana! Masika moja tu shimo limejaa, choo kinarudisha. Achimbe shimo la kokoto lake, mita 3 au zaidi kutoka kwenye msingi, na lisielekee kwa jirani. Kwanza ajaribu ardhi: achimbe hadi magotini, ajaze maji, aangalie yanaisha kwa muda gani. Yakilala mpaka kesho, shimo halitasaidia, atafute mfereji wa kuyatoa hadi barabarani.

BintiPangani
Baba Twaha akikataa katakata, kuna njia ya kati: parapeti mbele na ubavuni tu, nyuma pabaki wazi na michirizi na gata la nje. Kutoka barabarani inaonekana ya kisasa.

MzeeKenchi
Hiyo naikubali kwa shingo upande. Maji yote bado yanaenda nyuma, kwa hiyo mabomba yawe mawili au matatu, mteremko usiwe chini ya digrii 10, na bati ziagizwe za urefu mzima bila muungo. Kwa digrii 10 parapeti ya mbele itazidi mita 1.7, mtaipenda?

Fundi_Mikanjuni
Mimi bado nasema pande nne ni bora kuliko mgongo wa tembo hapo Sahare. Ule ukuta wa pembetatu utapigwa na mvua ya kusi.

MzeeKenchi
Hapo umenena. Ila pande nne zina bati nyingi za kukata, na gata linazunguka nyumba nzima. Mama, nyumba imeelekea wapi?

MamaTwaha
Mlango unatazama baharini, mashariki. Ubavu mmoja uko kusini kabisa, hauna hata mti. Nitampelekea Baba Twaha hiyo ya mita 1.7 leo jioni, nirudi na jibu.