Tupeane uzoefu: kichwa na thamneli ya uongo vilikuponzaje YouTube?

Mwana_Chamwino:
Mbukwenyi wakuu. Jana jioni nimekaa pale Nyerere Square, pembeni yangu kijana analalamika chaneli yake imefungiwa wiki nzima na kosa halijui. Nikachungulia simu yake. Thamneli ina jeneza, kichwa kinasema tajiri wa Area D kazikwa na magari yake. Video yenyewe ni mzee anafundisha kuchonga vinyago! Nikacheka, halafu nikakumbuka na mimi nimepitia. Waliowahi kupigwa njooni tupeane uzoefu. Ilikuwaje, na mlijuaje kwamba mmeadhibiwa?

Msela_Majengo:
Mimi nilijua kwa alama ya dola kugeuka njano. Ile ndiyo straiki yenyewe, msidanganyane.

Bibi_Zabibu:
Mnaongelea YouTube ile ya kuangalia mapishi? Mie nilifungiwa Facebook mwaka jana, mpaka leo sijarudishiwa. Nani anaweza kunisaidia wanangu?

Fundi_Mtambo:
Bibi, Facebook ni nyumba nyingine, fungulia mada yake tutakuja. Msela, ile njano siyo straiki. Njano inamaanisha watangazaji hawaitaki hiyo video, kwa hiyo matangazo yanapungua au hayawekwi kabisa. Video inabaki hewani na wewe unaendelea kupakia kama kawaida. Ukipigwa kwa kosa la udanganyifu, video yenyewe inaondolewa. Unapata barua pepe, na ukifungua YouTube Studio, ukurasa wa mwanzo una kadi imeandikwa `Channel violations`. Kwenye orodha ya video zako pia, safu ya `Restrictions` inakuonyesha ni video ipi. Kama hivyo vyote havipo, hujaadhibiwa.

Msela_Majengo:
Mbona vyuu zangu zilishuka kutoka elfu tatu hadi mia? Hiyo siyo adhabu ya kimyakimya?

Fundi_Mtambo:
Fungua takwimu za hiyo video, utuambie mambo mawili: asilimia ya walioiona thamneli wakabonyeza, na muda wa wastani waliotazama.

Msela_Majengo:
Waliobonyeza 14%. Muda sekunde 38. Video ina dakika 8.

Fundi_Mtambo:
Umejijibu mwenyewe. YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli zote ziko kati ya 2% na 10%. Wewe una 14%, maana yake chambo kimevua vizuri. Ila samaki wameonja wakatema. Mtambo ukiona watu wanaingia na kutoka, unaacha kuipendekeza. Hakuna askari aliyekukamata hapo, ni wateja wamekimbia genge lako.

Msela_Majengo:
Genge lako wewe. Unajifanya unajua sana.

Mkulima_Kibaigwa:
Ngoja niseme upande wa sisi watazamaji. Kuna chaneli iliandika mahindi yamepanda bei ghafla, thamneli ina rundo la noti na gunia. Mimi nilikuwa nimeshapatana na dalali soko la Kibaigwa, nikarudisha mzigo ndani kusubiri hiyo bei. Baadaye jioni nikaitazama video yote, kumbe wanazungumzia namna ya kukausha mahindi juani! Dalali keshaondoka na gari. Niliuza wiki mbili baadaye kwa bei ya chini kuliko ile ya mwanzo. Sikuiripoti, sikujua hata kama inaripotiwa.

Mwana_Chamwino:
Pole mzee wangu. Inaripotiwa, bonyeza vidoti vitatu kwenye video yenyewe.

Kamera_ya_Sabasaba:
Nilikuwa nasoma tu nipite, lakini neno jeneza limenirudisha mbali. Yangu ni ndefu, mnivumilie.

Nina chaneli ya habari za mitaani, wafuatiliaji kama elfu sita hivi. Tarehe 3 Machi nilikuwa na video nzuri tu, ya trafiki akitoa elimu ya kufunga mikanda kwa abiria stendi kuu ya Nanenane. Nikajua hii haiendi popote. Nikachukua mtandaoni picha ya basi lililopinduka, basi la nchi nyingine kabisa, nikalichora duara jekundu na mshale. Juu nikaandika HUZUNI, BASI LA DODOMA MWANZA LAPINDUKA SEKENKE, ABIRIA... halafu nukta tatu. Zile nukta tatu ndizo nilizojivunia.

Saa mbili usiku mlango unagongwa kama unavunjwa. Ni dada yangu wa Ipagala, ana kanga moja, miguu peku, mikono ina unga wa maandazi hadi kwenye viwiko. Shemeji ni kondakta wa njia hiyo hiyo na simu yake ilikuwa haipatikani. Dada ananinyooshea simu huku anatetemeka, "Mdogo wangu, wewe ni mtu wa habari, niulizie kama ni basi la baba watoto." Kwenye kioo ni thamneli yangu. Mtu kamtumia picha tu, jina la chaneli limekatwa. Hajui ni yangu.

Sikusema. Nilijifanya napiga simu huku na kule. Shemeji akapatikana saa tano kasoro, yuko Nzega anakula, simu ilizima chaji. Dada akakaa chini sebuleni pangu akalia mpaka unga ukamkaukia mikononi.

Asubuhi video ina vyuu elfu arobaini na moja. Mchana barua pepe ikaja: video imeondolewa, sera ya spamu na udanganyifu, ila kwa kuwa ni mara ya kwanza, hilo ni onyo tu. Chaneli haikufungwa kitu.

Shangazi_Ipagala:
Eeh Mungu wangu. Na dada alijua lini?

Kijana_wa_Kondoa:
Mimi nimebaki na zile nukta tatu 😂 Jamaa ni katili.

Msela_Majengo:
Hii stori umeitunga, nayo ni kiki.

Kamera_ya_Sabasaba:
Natamani ningekuwa nimeitunga.

Fundi_Mtambo:
Onyo ulilifanyia nini? Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Kamera_ya_Sabasaba:
Nilifanya yale mafunzo yao mafupi ya maswali siku hiyo hiyo, tarehe 4 Machi. Wakaniambia nikikaa siku 90 bila kurudia kosa, onyo linafutika. Yaani tarehe 2 Juni. Mimi nikaelewa nimesamehewa tayari. Tarehe 20 Mei nikapakia sherehe ya harusi Kondoa, kwenye thamneli nikambandika msanii mkubwa ambaye hata kadi ya mwaliko hakupewa. Hapo hawakunionya tena. Ilikuwa straiki.

Fundi_Mtambo:
Ndiyo maana yake. Mafunzo hayafuti onyo papo hapo, yanaanzisha tu saa ya siku 90. Ukirudia sera ile ile ndani ya siku hizo, onyo linabaki na straiki inapanda juu yake. Ungekosea sera nyingine tofauti, ungeanza na onyo jingine. Huu utaratibu wa mafunzo ulikuja 2023. Zamani onyo lilikuwa moja tu, na lilikaa kwenye chaneli milele.

Kijana_wa_Kondoa:
Straiki inauma wapi hasa?

Kamera_ya_Sabasaba:
Wiki nzima, 20 hadi 27 Mei, huwezi kupakia wala kurusha mubashara. Video mbili nilizokuwa nimezipangia saa zikageuka kuwa za faragha zenyewe. Na Jumamosi ya wiki hiyo nilikuwa na kazi ya kurusha mubashara mahafali pale Kisasa, nimeshakula laki mbili na nusu za watu. Nikazirudisha, nyingine nikakopa. Baada ya wiki milango ikafunguka, nikadhani yameisha. Kumbe straiki yenyewe inakaa siku 90, kwa hesabu yangu hadi 18 Agosti. Ya pili ndani ya muda huo ni wiki mbili, ya tatu wanafuta chaneli.

Mwana_Chamwino:
Dawa ni kufuta video haraka. Mimi nilifuta yangu na mambo yakaisha.

Fundi_Mtambo:
Mwanzisha mada nawe! Ulikuwa hujapigwa bado, ndiyo maana yakaisha. Ukishapigwa, kufuta video hakuondoi straiki. Unakuwa umefuta ushahidi wako mwenyewe tu. Kama unaamini wamekosea, kata rufaa ndani ya Studio, na ujipange kabla ya kuandika maana nafasi ni moja kwa kila straiki.

Dj_Kikuyu:
Mbona mnateseka. Ukifungiwa, tumia chaneli nyingine. Mimi nilipakia kwa chaneli ya wife wiki nzima, hakuna aliyeniuliza.

Mama_Neema_Mpwapwa:
Kaka usiwadanganye watu. Mume wangu alifanya hivyo hivyo. Ya kwake ilikuwa imefungiwa wiki mbili, akaingia kwenye yangu ya mapishi, mwaka mzima nimeihangaikia. Zikafutwa zote mbili. Kosa langu nikaambiwa ni kusaidia kukwepa adhabu. Sasa anapika mwenyewe.

Dj_Kikuyu:
😳 Ngoja nikaangalie.

Kijana_wa_Kondoa:
Swali la mwisho. Je, nikiweka alama ya kuuliza? Kwa mfano: MSANII FULANI KUHAMIA DODOMA? Hapo si sijadanganya, nimeuliza tu.

Msela_Majengo:
Alama ya kuuliza inaokoa, nimetumia mwaka wa tatu huu.

Fundi_Mtambo:
Haiokoi wala haiponzi, wanachotazama ni kama mtu ataamini kuna kitu ambacho ndani hakipo. Kuongeza chumvi siyo kosa. Ukiandika "zabibu tamu kuliko zote duniani" halafu ukaonyesha zabibu za Dodoma, sawa tu. Ukiweka picha ya maarufu ambaye hahusiki kabisa na video, umeingia. Na wanazidi kukaza kwenye habari za dharura. Desemba 2024 walitangaza kuanza msako huo India, kwa kuziondoa video kwanza bila straiki.

Msela_Majengo:
Hiyo India. Sisi tuko Majengo.

Mkulima_Kibaigwa:
Na huku kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, taarifa za uongo. Hiyo haina siku 90 wala maswali ya kuchagua. Uliza kituoni.

Bibi_Zabibu:
Kwani mtu akiandika zabibu zangu si tamu anafungwa?

Mwana_Chamwino:
😂😂 Bibi tulia.

Shangazi_Ipagala:
Kamera hujanijibu. Dada alijua lini?

Kamera_ya_Sabasaba:
Hajui. Kila akija kwangu ananisifu kwa watoto wake, eti mjomba alikesha akimtafuta baba yao.

Shangazi_Ipagala:
Mwambie kabla hajaikuta mada hii.

Kijana_wa_Kondoa:
Usimwambie, shangazi anakutafutia kesi. Nunua unga kilo tano umpelekee, basi.

Kamera_ya_Sabasaba:
Unga nilipeleka Aprili.