Mrejesho: mashahidi walisaini wosia mzee akiwa hayupo

Niliuliza: "Baba alisaini wosia mbele ya mashahidi wawili, nao wakaenda kusaini ofisini kwao mjini. Wosia huo unasimama?"

Asanteni sana wote. Hausimami, na wakili hapa Nairobi amesema vilevile. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Urithi kinataka kila shahidi asaini mbele ya mwenye wosia. Kumwona akisaini ni nusu tu ya kazi. Mzee angefariki na karatasi ile, wosia wote ungeanguka na mali ingegawanywa kana kwamba hakuandika chochote, hata kama sote tunajua alitaka nini.

Tulifuata ushauri wa kuchapa upya. Mzee alisaini mwishoni, chini kabisa ya maandishi, kisha kalamu ikazunguka meza ile ile, naye akitazama kila mmoja akisaini. Sheria hailazimishi mashahidi wawe pamoja, lakini nakubaliana na aliyesema kuwa hivyo ni rahisi zaidi kuthibitisha mahakamani.

Tulipokwama ni hapa: shahidi mmoja wa zamani hakupatikana, akasaini shemeji, mke wa kaka. Wosia sasa ni halali, ila ploti aliyoachiwa kaka ndiyo imebatilika, kwa sababu mke wa mrithi ni shahidi. Mengine yote yanabaki. Tutachapa tena, na jirani asiyerithi chochote atasaini badala yake.