Malalamiko: Mnanipa rasimu nisome prufu, mnanificha karatasi ya hospitali, kisha kosa la akaunti mnanibebesha mimi

Msoma Prufu

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira, na sitaificha. Wiki mbili zilizopita kamati ya mchango wa matibabu ya mtoto wa mwenzetu kazini ilinitumia ombi la kuchangisha fedha, ikaniambia nirekebishe tahajia tu, na kwamba nina nusu saa. Niliomba vitu vitatu kabla ya kuanza: makadirio ya gharama yaliyotolewa na hospitali, waraka wa benki wenye namba ya akaunti, na bango litakalosambazwa pamoja na maandishi. Nilijibiwa kuwa hayo si kazi ya mtu wa lugha.

Hata hivyo nilijumlisha mchanganuo uliokuwamo ndani ya rasimu yenyewe. Upasuaji ni 3,200,000, vipandikizi 950,000, kulazwa siku 7 kwa 60,000 kila siku, dawa 180,000 na usafiri 110,000. Jumla ni 4,860,000. Lakini kichwa cha ombi kilisema lengo ni 4,680,000. Niliweka alama nyekundu, nikaandika pembeni kwamba kiasi hicho hakilingani na mchanganuo, nikarudisha. Maandishi yakasahihishwa. Bango, ambalo sikuwahi kuonyeshwa, lilikuwa limeshachorwa kutoka rasimu ya kwanza, nalo ndilo lililosambaa kwenye makundi yote likiwa na lengo lisilo sahihi. Baya zaidi, katika namba ya akaunti tarakimu ya 7 na ya 8 zilikuwa zimebadilishana nafasi.

Watu 11 wamekwisha kutuandikia kwamba fedha walizotuma zimerudi kwa maelezo kuwa akaunti haipo. Hao ni wale waliojisumbua kutuandikia. Waliokata tamaa wakanyamaza hatutawajua. Jana kwenye kikao mwenyekiti amesema mbele ya watu wote kwamba "aliyesoma prufu alipitiwa". Sikupitiwa. Huwezi kuhakiki namba kwa kuitazama tu, kwa sababu namba iliyokosewa haina sura ya kukosewa kama neno lililokosewa. Namba huhakikiwa kwa kuiweka kando ya chanzo chake, na chanzo hicho nilinyimwa.

Mama Wawili

Pole sana, dada. Mtoto anaumwa nini? Weka namba ya akaunti hapa na sisi tuchangie chochote tulicho nacho.

Msoma Prufu

Ahsante kwa moyo wako, mama, lakini sikuja kuchangisha, na namba siweki. Namba ikishanakiliwa mahali pengi ndipo makosa yanapozaliwa. Mchango una ukurasa mmoja tu, na namba inapaswa kubaki hapo.

Hesabu za Jioni

Naona mnaisumbua bure kamati kuhusu lile lengo. Tofauti kati ya 4,860,000 na 4,680,000 ni 180,000, nayo ni gharama ya dawa kamili. Ni wazi kwamba dawa ziliongezwa baadaye na jumla haikusahihishwa. Hilo ni kosa la mweka hazina, wala halihusiani na uchapaji.

Kalamu Nyekundu

Ndugu Hesabu, umefanya vizuri kutafuta tofauti, maana ndiyo hatua ya kwanza, ila umesimama mapema. Nimeshika vitabu vya hesabu kwa miaka mingi, na tulifundishwa kwamba tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, ushuku kwanza tarakimu mbili za jirani zilizopishana. Gawa 180,000 kwa 9 upate 20,000. Sasa tazama 8 na 6: tofauti yake ni 2, na zipo mahali pa malaki na makumi elfu. Kila kitu kinaelekeza kwenye vidole vya mchapaji. Lakini nakiri kwamba kipimo hiki hakithibitishi chochote, kwa kuwa gharama ya dawa nayo inagawanyika kwa 9. Dada, je, katika rasimu ya kwanza kabisa dawa zilikuwamo?

Msoma Prufu

Zilikuwamo. Ninayo nakala niliyotumiwa: mstari wa dawa upo, na jumla iliyokosewa ipo juu yake.

Hesabu za Jioni

Basi kwa nakala hiyo naondoa hoja yangu. Ila aliyeandika jumla aliwezaje kukosea akiwa na mchanganuo mbele yake?

Kalamu Nyekundu

Pengine hakujumlisha, alinakili kwa macho. Kuhusu akaunti, inategemea aina ya namba. Namba ya kimataifa ya IBAN ina tarakimu mbili za ukaguzi, na mfumo unaozipima ungekataa kupishana kwa aina hiyo papo hapo. Namba za simu hazina kinga hiyo, na akaunti nyingi za ndani huwezi kujua kama zinayo. Kwa hiyo mimi nasisitiza mambo mawili. Kwanza, namba inakiliwe na kubandikwa kutoka waraka wa benki, isichapwe kwa mkono, kisha mmoja aisome kwa sauti tarakimu moja moja huku mwingine akifuata kwenye waraka. Pili, kabla ya kutangaza, mtu atume kiasi kidogo kwa kutumia bango lenyewe, aangalie jina la mpokeaji kama linatokea, na athibitishe kwa mweka hazina kwamba fedha imeingia.

Je, tarehe nazo mlizihakiki?

Msoma Prufu

Hapo ndipo hasira yangu inapozidi. Ombi lilisema: "Mwisho wa kuchangia ni Ijumaa tarehe 14, saa 6 usiku." Niliandika pembeni kwamba wapo wanaohesabu usiku kuwa mwanzo wa siku, na kwao usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wake. Wengine wataelewa kuwa ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Hilo tu ni pengo la saa 24. Nilipendekeza saa 12 jioni, ambayo haina utata, na sikujibiwa.

Kumbe utata huo ulikuwa kosa dogo. Juzi ndipo nilipoyaona makadirio ya hospitali kwa mara ya kwanza: malipo ya awali yanatakiwa hiyohiyo Ijumaa tarehe 14, kabla ya saa 4 asubuhi! Jukwaa la kuchangishia tunalotumia hutoa fedha baada ya siku 3 za kazi tangu mchango kufungwa. Ukifunga Ijumaa usiku, Jumamosi na Jumapili hazihesabiki, kwa hiyo fedha zinafika Jumatano tarehe 19. Ilipasa kufunga Jumatatu tarehe 10 jioni, ili Jumanne, Jumatano na Alhamisi zitimie na fedha ziwe mkononi kabla ya Ijumaa. Karatasi hiyo ilikuwa mezani kwa mwenyekiti siku zote.

Kalamu Nyekundu

Iombeni hospitali barua ya kusogeza tarehe leo hii, na muulize kama makadirio yenyewe yana mwisho wa kutumika, kwa kuwa bei inaweza kubadilika ukipita. Bango jipya liwe na maneno "limesahihishwa" na tarehe, na la zamani mliombe lifutwe kila kundi.

Hesabu za Jioni

Mimi ningelitoa bango jipya bila neno hilo. Mchangiaji akiona "limesahihishwa" juu ya namba ya akaunti, atadhani ni matapeli wamebadilisha namba.

Kalamu Nyekundu

Hofu hiyo ni ya kweli, lakini mabango mawili yenye namba tofauti bila maelezo yanatisha zaidi.

Msoma Prufu

Kuhusu hilo nami sina uhakika. Hospitali imekubali kusubiri hadi Alhamisi tarehe 20. Bango la zamani nimelikuta asubuhi ya leo kwenye makundi mawili, likisambazwa na mjumbe wa kamati. Nimemwandikia mwenyekiti kwamba sitagusa rasimu nyingine ya kamati hii nisipopewa waraka wa benki na makadirio kwanza, na nimemtaka ayarudishe maneno yake mbele ya kikao kilekile. Hajajibu.