Naomba ushauri: shukrani za tasnifu zimekuwa ndefu mno

Habari za saa hizi wakuu. Tasnifu yangu ya masta inasubiri tu kubaindiwa ila shukrani zimefika kurasa tatu na nusu, majina 41, msimamizi kaniandikia pembeni kwa peni nyekundu "punguza, ukurasa mmoja". Nilianza na Mungu, wazazi, mchumba, wajomba, yeye msimamizi nikamkuta ukurasa wa pili, nikacheka mwenyewe.

Nimepanga upya: msimamizi, aliyenilipia ada, ofisi zilizotoa kibali, wavuvi niliowahoji, familia mwisho. Ile "shukrani zangu za dhati zisizo na kifani" ilijirudia mara 9, nimeifuta nikaweka mtu kafanya nini hasa, mfano "alisoma sura ya nne mara tatu". Sasa iko ukurasa na nusu.

Nilipokwama ni kwa wavuvi. Niliwaahidi majina hayatatoka popote, ila wawili kati yao ndio walionitafutia wengine wote na kunilisha wiki mbili. Nawashukuruje hao bila kuwaanika? Na wanadarasa 14, niwataje mmoja mmoja au niandike tu darasa letu, watanuna?