Mrejesho: umbali wa GPS uliozidi mzunguko wa mita 400

"Kifaa kinarekodi mara 10 kwa sekunde. Nikijumlisha umbali kati ya nukta, mzunguko wa mita 400 unatoka 431. Nakosea wapi?"

Ahsanteni sana wakuu. Nilifanya lile jaribio mlilonishauri la kusimama tuli na kifaa: dakika 1 tu, jumla ikafika mita 90! Kumbe kila mtikisiko wa nukta unahesabiwa kama hatua, na hauwezi kujifuta kwa sababu umbali hauna hasi.

Nikalainisha kwanza x na y kwa wastani wa nukta 11, ndipo nikajumlisha. Mzunguko ukatoka 401.

Mbio za kwenda na kurudi mita 20 bado zinasumbua: ulainishaji unakata ncha ya kugeukia, kila mkondo unapungua karibu mita 1. Kwa nukta 5 upungufu ni nusu, ila kasi inatetemeka.