Tasnifu ya malaria katika wasifu wa kuombea kazi ya bima

Kutoka Göttingen:
Ndugu zangu, nimemaliza shahada ya uzamivu ya takwimu za afya, na kibali changu cha kutafuta kazi hapa Ujerumani ni cha miezi 18. Nimeomba kazi ya uchambuzi wa data kwenye kampuni za bima mara 9, wala sijaitwa kwenye usaili. Wasifu wangu unaanza hivi: "Nilichunguza uhusiano kati ya matumizi ya vyandarua na maambukizi ya malaria kwa watoto." Kasoro iko wapi?

Kutoka Leipzig:
Kaka, huenda shahada yako haijatambuliwa. Yangu ya Dar es Salaam ilinisumbua sana.

Kutoka Göttingen:
Ahsante dada, lakini nimesomea hapa hapa.

Kutoka Hamburg:
Iondoe kabisa. Mimi niliificha ya kemia, nikapata kazi ya maabara mwezi uleule.

Kutoka Munich:
Dada wa Hamburg ana hoja kwamba cheo kisitangulie, ila ukiiondoa shahada yenyewe linabaki pengo la miaka minne, na utaulizwa ulikuwa wapi. Kaka, sentensi yako inaeleza ulichotaka kujua, ilhali meneja wa bima anatafuta kazi uliyoifanya. Data hizo ulizipokea zikiwa katika hali gani, na nani aliyatumia matokeo?

Kutoka Göttingen:
Zilikuwa dodoso za kaya 4,200 kutoka wilaya tatu, kila wilaya na mpangilio wake. Kuzisafisha kulichukua wiki mbili kila awamu, hadi nilipoandika programu kwa R iliyoimaliza kazi hiyo kwa siku moja. Wilaya zilitumia ramani zetu kupanga ugawaji wa vyandarua.

Kutoka Munich:
Basi andika hayo: "Niliunganisha data za kaya 4,200 kutoka vyanzo vitatu visivyolingana, nikaandika programu kwa R iliyopunguza muda wa kuzisafisha kutoka wiki mbili hadi siku moja, wilaya tatu zilitumia ramani zilizotokana nazo kupanga ugawaji wa vyandarua." Malaria hatujaificha, lakini mtu wa bima, ambaye hupokea madai kutoka matawi yasiyojaza fomu kwa namna moja, ataitambua shida yake humo. Usidai kwamba ulipunguza malaria, kwa kuwa hukupima hilo, na swali la pili tu la usaili litakukwamisha. Orodha ya makala ifupishe iwe mstari mmoja.

Kutoka Göttingen:
Ramani alichora mwenzangu.

Kutoka Munich:
Sema hivyo waziwazi: "ramani alizochora mwenzangu kutokana na data hizo". Msaili mzoefu huuliza ni sehemu ipi uliyoifanya mwenyewe, na "tulifanya" isiyo na mipaka humtia shaka.

Kutoka Göttingen:
Na zile wiki mbili? Ni kumbukumbu yangu tu.

Kutoka Munich:
Angalia tarehe za mafaili ya awamu za mwanzo. Zisipothibitisha, andika "takriban", nawe uwe tayari kueleza ulivyokadiria.

Kutoka Hamburg:
Mimi bado ningeiondoa shahada.