Mrejesho: tangazo la kazi ya uuguzi kliniki binafsi

Niliuliza: "Wakuu, tangazo letu linavuta wasio na leseni, wauguzi wazoefu hawaombi. Niliandikeje?"

Asanteni sana. Maombi sasa ni machache, ila karibu wote wana leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kilicholeta tofauti ni kuanza na zamu na mshahara. Muuguzi ambaye tayari ana kazi hahami kwa "mshahara mnono na mazingira rafiki". Anapiga hesabu ya usiku na idadi ya wagonjwa. Sehemu ya juu inasomeka hivi:

"Muuguzi wa stashahada, wodi ya wazazi. Zamu za usiku hazizidi 4 kwa mwezi. Usiku mnakuwa wauguzi 2, daktari yupo jengoni. Ratiba hutoka wiki 2 kabla."

Chini yake kuna mshahara wa kuanzia, kabla ya makato. Likizo ya siku 28 na nyongeza ya asilimia 5 ya usiku tumeziandika kwa mstari mmoja tu, maana ni haki ya kisheria na wauguzi wanalijua hilo. Ukizipamba kama zawadi unawatia shaka.

Andikeni yaliyo kweli tu. Kwenye usaili wengi huomba kuona ratiba ya mwezi uliopita, na ikipingana na tangazo, wanaondoka.

Tarehe ya kuanza wekeni mbele kidogo: mwenye mshahara wa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28 anakotoka.